Hesabu za Nyumbani: Kilo moja ya embe inatoa glasi ngapi?

Mwezi huu barua nilizopata shuleni ni nyingi, lakini nimeamua kujibu moja tu, kwa sababu mwenye swali ni jirani yangu, na swali lake nimeliona kwa macho yangu mwenyewe. Kwa jina simtaji. Watoto wa blok yetu wanamwita Mama Juisi, basi na mimi nitamwita hivyo.

Mama Juisi ana watoto wanne. Mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2025, aliona hapana njia nyingine, akachukua mkopo kwenye kikundi chao cha akiba, akanunua blenda, majagi mawili, glasi na meza. Kibanda akakiweka pale njia ya sokoni, chini ya turubai. Wenye kuishi hapa Kakuma mnajua jua letu. Saa sita mchana mtu akiona kitu cha baridi, mkono unaingia mfukoni wenyewe. Wateja hawakukosekana hata siku moja. Kila jioni alikuwa anahesabu shilingi elfu moja na kitu. Lakini baada ya wiki sita hakuwa na pesa ya kurudisha mkopo, na wenzake wa kikundi walianza kumwangalia vibaya. Akaja nyumbani usiku, akakaa, akaniambia: “Mwalimu, mwanangu, wewe unafundisha hesabu. Mimi nauza kila siku mpaka glasi zinaisha. Sasa pesa yangu inakwenda wapi?”

Nilimuuliza faida anaihesabu namna gani. Akasema embe anazinunua kilo 10 kwa shilingi 800, anauza glasi kwa 30, jioni anapata kama 1,000, kwa hiyo faida ni 200. Nikamwambia, kesho Jumamosi sina darasa, nitakuja na mizani.

Mizani tuliazima kwa muuza maharage. Wanafunzi wangu wawili wa gredi ya sita walikuja na daftari. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: kupima kila kitu kinachoingia kwenye meza ya Mama Juisi, na kila kitu kinachotoka.

Embe ziliingia kilo 10 kamili. Tukazimwaga juu ya mkeka, tukachagua. Gramu 800 zilikuwa zimeoza, zile za chini ya gunia. Mnajua matunda yetu yanatoka mbali, mengi yanapakiwa Kitale na kule Bonde la Kerio, yanapita Lodwar, zaidi ya kilomita 350 ndani ya lori, kwenye joto. Embe ya chini inabeba wenzake safari nzima. Ukiibonyeza inaingia kidole, na ukiipasua utaona nyama karibu na kokwa imekuwa kama maji, rangi ya kahawia. Hiyo usijaribu kuiokoa, inaharibu jagi lote. Madoa meusi ya juu ya ganda peke yake si kitu, ukimenya yanaondoka na ganda.

Zikabaki kilo 9 na gramu 200. Mama akamenya, akakata, na watoto wakakusanya maganda na makokwa kwenye ndoo nyingine. Tukapima nyama: kilo 5 na gramu 200. Mama Juisi aliinama kuangalia mizani mara mbili. Alikuwa ananunua kilo 10, lakini zinazoingia kwenye blenda ni tano na kidogo. Nusu ya pesa yake kila siku ilikuwa inakwenda kwa mbuzi wa jirani, maana ndiye anayekula maganda.

Na hiyo si embe mbaya. Kwa embe nzuri, kilo moja inatoa kama nusu kilo ya nyama mpaka gramu 600. Embe ndogo za nyuzi zinatoa chini ya hapo, maana kokwa ni kubwa na nyuzi zinabaki kwenye chujio. Embe ngowe, ile ndefu, ina nyuzi kidogo na ni nzuri kwa juisi. Kwa hiyo ukiona embe ndogo zinauzwa rahisi, usifurahi kwanza. Pima kokwa.

Tuliendelea. Nyama hiyo alitia maji ya kuchemsha lita 4 na sukari nusu kilo. Ikatoka kama lita 9 na kidogo. Glasi yake ni ya robo lita, kwa hiyo kwa hesabu ya darasani ni glasi 37. Lakini alizouza ni 34. Tatu zimekwenda wapi? Zilibaki kwenye kuta za jagi, kwenye chujio, kwenye povu, na kwenye ule mkono wa mama mwenye huruma unaojaza glasi mpaka inamwagika. Simlaumu. Ila ziandikwe.

Sasa gharama. Wanafunzi waliandika hivi: embe 800, sukari 80, makaa ya kuchemshia maji 60, barafu 100, stima ya jenereta 50 (analipa mwenye jenereta 1,500 kwa mwezi), sabuni na dawa ya kusafishia 30. Jumla 1,120. Gawanya kwa glasi 34. Kila glasi inamgharimu karibu shilingi 33, na yeye anaiuza 30. Alipata 1,020, akapoteza 100. Na hiyo ni siku nzuri ambayo glasi zote zimeisha.

Mama alinyamaza. Halafu akasema, “Basi nilikuwa nauza mkopo wa watu, glasi moja moja.” Kumbe ndivyo. Zile 200 alizoita faida zilikuwa ni makaa, barafu, stima na sukari, vitu ambavyo alivilipa kutoka kwenye mkoba mwingine, siku nyingine, bila kuviandika.

Wengi watasema dawa yake ni kupandisha bei. Tulijaribu kufikiri hivyo. Lakini bei ya 40 kwa glasi, kwa hali ya sasa ya kambi, ingefukuza nusu ya wateja, hasa watoto wa shule na wenye bodaboda. Nikamwambia tuangalie tunda kwanza, kabla ya bei.

Jumamosi iliyofuata tukapima pasheni, ile ambayo sisi wa kutoka Kongo na Burundi tunaita marakuja. Mama alikuwa anaiogopa. Alisema ina ganda jingi, ndani hakuna kitu. Ni kweli. Ukiikamua na kuichuja, kilo moja inakupa kama theluthi moja tu ya lita, wakati mwingine kidogo zaidi. Ukiangalia kilo peke yake, embe inashinda mbali sana.

Lakini embe ukiitia maji mengi inakuwa maji ya embe, mteja anaonja na anakuangalia. Pasheni ni kali. Kikombe kimoja cha maji yake safi kinabeba vikombe vitatu vya maji ya kunywa na sukari, na bado harufu inasikika mpaka barabarani. Ndiyo maana nasema usihesabu kilo, hesabu glasi.

Na hapa kuna siri moja ambayo wauza matunda wengi hawaijui, au wanaijua na wananyamaza. Pasheni inapokaa, ganda linanyauka, linakuwa na mikunjo kama uso wa mzee. Watu hawaitaki, wanataka ile laini inayong'aa. Lakini maji yaliyopotea yametoka zaidi kwenye ganda, si kwenye nyama ya ndani. Kwa hiyo kilo moja ya pasheni zilizonyauka ina pasheni nyingi zaidi na juisi nyingi zaidi kuliko kilo ya zile laini, na ni tamu zaidi. Na kwa sababu hazipendezi macho, bei inashuka. Mama alikuwa ananunua zile laini kwa 130 kilo. Muuzaji mmoja wa kule mjini, mama Mturkana, alikubali kumwekea zilizonyauka kwa 80.

Kuna mpaka, lakini. Chukua moja mkononi. Ikiwa nyepesi sana na ukitikisa inagonga ndani kama mawe, imekauka, iache. Ikiwa na tundu, ukungu au harufu ya pombe, iache pia. Iliyo na mikunjo na bado nzito, hiyo ndiyo yetu.

Tulinunua kilo 5 kwa 400. Tukatupa gramu 300. Tulikata katikati, tukatoa nyama kwa kijiko. Mama alitaka kutia kwenye blenda na kuiacha izunguke, nikamzuia, maana niliharibu hivyo mimi mwenyewe nyumbani siku moja. Mbegu zikisagwa, juisi inakuwa na vidoa vyeusi na ladha ya uchungu. Bonyeza kidogo, achia, bonyeza tena, mara mbili au tatu tu, mpaka nyama iachane na mbegu. Halafu chuja, na ukande kwa mgongo wa kijiko. Tulipata karibu lita 1 na mililita 900 za maji safi ya pasheni. Tukatia maji ya kuchemsha mara tatu yake, na sukari gramu 800 ambayo ni kama shilingi 130. Jumla karibu lita 8, yaani glasi 32, zikauzwa 30.

Ukichukua tunda na sukari tu, glasi ya pasheni iligharimu kama shilingi 18. Ya embe ilikuwa karibu 26. Tunda lenye ganda jingi limeshinda.

Mama hakuacha embe, maana kuna wateja hawataki kingine. Alipunguza. Sasa ananunua kilo 5 za embe na kilo 5 za pasheni zilizonyauka. Embe inampa glasi 17, pasheni 30, jumla 47. Gharama zote kwa siku, pamoja na makaa, barafu, stima na sabuni, ni kama 1,210. Akiuza zote kwa 30 anapata 1,410, na zile 200 alizokuwa anaziota sasa ni za kweli. Baadaye aliongeza kikombe kidogo cha watoto, mililita 150 kwa shilingi 20. Mtoto anafurahi kwa sababu anaweza kukinunua, na ukipima vizuri lita moja iliyouzwa kwa vikombe vidogo inaleta 133, wakati kwa glasi kubwa inaleta 120. Kikombe kidogo lakini kiwe na alama ya kipimo. Mkono wa huruma kwenye kikombe kidogo unakula faida yote.

Bei hizi ni za siku tulizopima. Msizichukue kama za kudumu. Wiki ambayo barabara imekatwa na mvua na lori halikuja, embe inaruka mpaka bei mara mbili, na siku hiyo ni bora kufunga kibanda au kuuza pasheni peke yake kuliko kununua kwa hasira. Na sisi hatuwezi kutoka kwenda Kitale kununua bila kibali cha safari, kwa hiyo tunategemea wanaopokea lori. Mama Juisi amejifunza siku za lori, anafika wakati wa kushusha, na anaomba afunguliwe gunia mpaka chini kabla hajalipa. Embe anachukua nusu zilizoiva na nusu ngumu. Zile ngumu anaziweka kwenye katoni kivulini, zinaiva moja baada ya nyingine, si zote siku moja.

Sasa nakuja kwenye jambo la pili, na hili lilikaribia kumfungia kibanda kabisa. Pesa ilipoanza kukaa sawa, wateja wakaanza kulalamika. Mmoja alisema juisi ina harufu ya siki. Mwingine alisema mtoto wake ameharisha usiku. Mama akasema ni embe, akabadilisha muuzaji. Harufu ikabaki. Akasema ni sukari. Mimi nikanusa jagi, likawa safi, linang'aa. Nikamwuliza, “Mama, blenda unaiosha vipi?” Akasema kila baada ya mteja anatia maji, anaizungusha, anamwaga. Nikamwuliza, “Kisu umewahi kukifungua?” Akacheka. Hakujua kinafunguka.

Chomoa stima kwanza kabisa, hata kama jenereta imezimwa, maana haujui itawashwa lini, na kidole hakirudi. Geuza jagi, shika kile kitako cha chini, kizungushe kama unafungua kifuniko cha chupa. Kinatoka pamoja na visu, na kati yake na jagi kuna pete ya mpira. Pete ile ilipotoka, mtoto wangu wa darasani alirudi nyuma hatua mbili. Chini yake kulikuwa na ute mweusi wenye kunuka, wiki nyingi za embe na sukari. Kila juisi aliyoitengeneza ilikuwa inapita hapo na kuchukua kidogo. Maji ya kuzungusha hayafiki chini ya pete. Yanaosha kuta tu, ndiyo maana jagi lilikuwa linang'aa.

Tangu siku hiyo anafanya hivi. Kati ya mteja na mteja anazungusha maji safi yenye tone la sabuni, kisha anasuuza kwa maji yaliyochemshwa. Hiyo ni ya haraka, inazuia embe isikauke. Lakini mchana baada ya wimbi la wateja, na jioni wakati wa kufunga, anafungua kisu na pete, anasugua kila kimoja kwa sabuni na mswaki wa zamani, hasa ule mfereji ambao pete inakaa. Anasuuza. Ndipo anatia kwenye dawa.

Dawa ni klorini ya chupa, ile ya kufulia nguo nyeupe, isiyo na manukato wala rangi. Kijiko kimoja cha chai kwenye lita moja ya maji. Vitu vinakaa humo dakika mbili, halafu vinatolewa na kupangwa kwenye kitambaa safi vikauke kwa hewa. Usivifute kwa kitambaa cha meza, unarudisha uchafu. Na usiruke hatua ya sabuni ukifikiri dawa itafanya yote: mabaki ya tunda yanaimaliza nguvu klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Tena, dawa hii usiichanganye na ndimu au siki, inatoa hewa mbaya inayoumiza kifua. Maji ya dawa yanatengenezwa mapya kila siku. Ya jana hayana nguvu tena.

Pete ikianza kupasuka au ikibaki na madoa meusi hata baada ya kusugua, itupe, ununue nyingine. Ni bei ndogo. Mama alibadilisha ya kwake siku ile ile, na harufu ya siki haikurudi.

Barafu nayo ilikuwa na mambo yake. Watu wanafikiri baridi inaua vijidudu. Haiui, inavilaza tu, vikiingia tumboni vinaamka. Ukichemsha maji yako vizuri na kutia barafu iliyotengenezwa kwa maji ya jerikani chafu, umerudi ulikotoka. Mama sasa hatii barafu ndani ya glasi. Anaweka jagi lenye kifuniko ndani ya beseni, barafu inazunguka nje yake. Juisi inakuwa baridi, haipunguzwi nguvu na maji, na barafu yoyote ya rahisi inafaa kwa sababu haigusi kinywa cha mtu. Uangalizi ni mmoja: maji ya beseni yasipande mpaka mdomo wa jagi. Mteja akisisitiza barafu ndani ya glasi, ana mifuko michache ambayo alijaza maji yake mwenyewe yaliyochemshwa, akampelekea mwenye friza amgandishie kwa malipo kidogo.

Mwisho, zile ndoo. Zamani Mama alikuwa anatengeneza juisi yote asubuhi, ndoo nzima, ili apumzike. Kwa joto letu hiyo ni hatari. Juisi iliyokaa bila baridi, ihesabie saa moja tu kukiwa na joto kama la hapa mchana, baada ya hapo si ya kuuza. Pasheni ni chachu, inavumilia kidogo kuliko wengine, lakini tikiti maji, papai na parachichi hazina uchachu wa kuzilinda, zinaharibika upesi sana. Tikiti hasa lioshwe ganda kabla ya kukata, maana kisu kinachukua uchafu wa nje na kuupeleka ndani. Sasa anatengeneza lita mbili mbili, kama glasi nane, na tunda zima linabaki kivulini likisubiri. Kazi imeongezeka, ila jioni hamwagi kitu, na kumbukeni kila glasi inayomwagwa inahitaji faida ya glasi nyingi kuilipa. Kwa faida yake ya shilingi nne na kidogo kwa glasi, glasi moja iliyomwagwa inakula faida ya glasi sita.

Hata blenda yenyewe imepumzika. Ile yake ni ndogo, ya nyumbani. Anatia maji kwanza ndipo tunda, hajazi kupita theluthi mbili, na hazungushi zaidi ya dakika moja bila kupumzisha. Ukisikia harufu ya waya unaoungua, zima hapo hapo. Jirani yake wa pili aliendelea kuzungusha embe ngumu bila maji, na mashine ilimfia mkononi, mkopo ukiwa bado.

Mama Juisi amelipa awamu mbili za mkopo. Bado tatu. Daftari la wanafunzi wangu amelichukua, analitundika kwenye mti wa kibanda, na kila jioni anaandika mwenyewe mistari mitano: tunda, sukari, makaa na barafu, stima, glasi zilizouzwa. Anaandika kwa taabu, lakini anaandika.

Mwenye kutaka kupima tunda lingine, kama nanasi au ukwaju, alete kilo moja shuleni Jumamosi asubuhi. Mizani bado tunayo mpaka mwisho wa mwezi, mwenyewe muuza maharage amekubali. Maganda ni ya mbuzi.